Viazi, maharage na ndizi kwa mgonjwa wa figo: jinsi ya kupunguza potasiamu, hatua kwa hatua

Kliniki haipiti wiki bila kunikutanisha na mtu aliyeshika karatasi ya maabara huku amekata tamaa. Potasiamu imepanda tena, na nyumbani viazi vimelowekwa usiku kucha kama walivyoelekezwa. Nikiuliza vililowekwa vikiwa vimekatwaje, jibu ni lilelile: "Vizima, dada. Tulimenya tu."

Kosa liko hapo. Viazi vizima vilivyolala ndani ya maji baridi huamka na potasiamu karibu yote. Maharage nayo hulowekwa vizuri, kisha yanapikwa na kuliwa pamoja na maji yake, na kazi yote inarudi tumboni. Mwongozo huu ni wa mtu aliyeambiwa na daktari kwamba potasiamu yake iko juu, na wa yule anayempikia.

## Vitu utakavyohitaji

- Majibu ya damu ya karibuni, yenye mstari wa potasiamu (huandikwa K au K+) na wa eGFR, yaani kipimo cha jinsi figo zinavyochuja damu.
- Dawa zote unazotumia, zikiwa kwenye pakiti zake, hata zile ulizonunua mwenyewe.
- Mizani ndogo ya jikoni. Ukikosa, tumia kikombe kimoja kilekile kila siku.
- Kisu kikali na ubao wa kukatia. Kikwaruzo cha mboga kitasaidia, ingawa si lazima.
- Sufuria kubwa, inayoingia angalau lita 3.
- Chujio.
- Maji mengi. Usianze ukiwa na jagi moja.

## Hatua ya 1: Soma namba kabla ya kugusa sufuria

Potasiamu ni madini ambayo misuli na mishipa ya fahamu hutegemea ili kufanya kazi, na msuli unaotuhusu zaidi hapa ni moyo. Takriban asilimia 98 ya potasiamu ya mwili iko ndani ya chembe hai. Inayozunguka kwenye damu ni kidogo sana, ndiyo maana hata ongezeko dogo kwenye damu moyo huliona.

Figo zenye afya hutoa kwa njia ya mkojo takriban asilimia 90 ya potasiamu tunayokula. Mtu mwenye figo nzima akila ndizi 3 kwa mkupuo, ziada inaondoka ndani ya saa chache. Figo zikichoka, mlango huo unakuwa mwembamba. Ndizi ni ileile na kiasi ni kilekile, ila njia ya kutokea imebana, na kinachobaki kinarundikana kwenye damu.

Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni kati ya 3.5 na 5.0 milimoli kwa lita, na maabara nyingine huweka ukomo juu kidogo ya hapo. Tafsiri ya haraka ni hii:

- Chini ya 5.0: huenda huhitaji kupunguza chochote. Watu wengi wenye ugonjwa wa figo wa hatua za mwanzo wako hapa, na kuwanyima matunda na kunde ni kuwanyima chakula kizuri bila sababu.
- Kati ya 5.0 na 5.9: zungumza na daktari, kisha hatua zinazofuata zinakuhusu. Kadiri unavyosogea juu ya 5.5, ndivyo mazungumzo hayo yasivyostahili kusubiri.
- 6.0 na kuendelea: acha kusoma, nenda hospitali leo. Hapa kuchemsha viazi si tiba.

Onyo. Potasiamu ya juu mara nyingi haina dalili yoyote mpaka imekuwa hatari. Ikiwa mgonjwa wa figo anahisi miguu imeishiwa nguvu ghafla, moyo unaruka mapigo, kifua kinabana au anakaribia kuzimia, apelekwe hospitali akapimwe moyo na damu, hata kama kipimo cha mwezi uliopita kilikuwa kizuri.

Wanaosafishwa damu kwa mashine hawako sawa na wanaosafishwa kwa njia ya tumbo. Wa mashine hukusanya potasiamu kati ya siku moja ya kusafishwa na nyingine, na pengo refu la mwisho wa wiki ndilo lenye hatari zaidi. Wa tumbo huipoteza kila siku, na baadhi yao huambiwa waongeze vyakula hivihivi ninavyokufundisha kupunguza. Usinakili mlo wa jirani yako wa kitanda.

## Hatua ya 2: Ondoa sababu zisizotoka kwenye sahani

Hatua hii watu huiruka, kisha wanailaumu ndizi. Kabla ya kubadili mlo, pitia mambo haya pamoja na daktari au mfamasia.

Dawa. Dawa za presha ambazo majina yake huishia na -pril au -sartan hupandisha potasiamu, na spironolaktoni pia. Dawa hizi mara nyingi ndizo zinazolinda figo na moyo wako, kwa hiyo usiziache mwenyewe. Daktari ndiye atakayepima kama apunguze dozi au aongeze dawa nyingine. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki ni habari tofauti: zinaumiza figo na kupandisha potasiamu kwa pamoja, na wengi huzinunua bila kumwambia mtu.

Chumvi mbadala. Chumvi inayouzwa kwa watu wa presha kama "yenye sodiamu kidogo" mara nyingi imetengenezwa kwa kloridi ya potasiamu. Tafuta KCl kwenye orodha ya viambato. Ukiikuta, hiyo chumvi si yako. Kijiko kidogo kimoja cha kloridi ya potasiamu tupu kina potasiamu nyingi kuliko ndizi 5.

Choo kigumu. Figo zikidhoofika, utumbo huchukua sehemu ya kazi ya kutoa potasiamu. Mtu asiyepata choo kwa siku 4 amefunga na mlango wa pili.

Sukari na asidi. Sukari ikiwa juu sana, au damu ikiwa na asidi nyingi, potasiamu hutoka ndani ya chembe hai na kumwagikia kwenye damu. Hapo unaweza kula hewa tupu na namba bado ikapanda.

Sampuli mbovu. Chembe nyekundu zikipasuka wakati wa kutoa damu, potasiamu yake hutoka na kuongeza namba ya uongo. Kukunja na kukunjua ngumi kwa nguvu wakati mkono umefungwa mpira nako hupandisha. Namba ikishangaza, daktari huomba kipimo kirudiwe.

## Hatua ya 3: Viazi, kata vidogo na uchemshe mara mbili

Kiazi kibichi kilichomenywa kina takriban miligramu 420 za potasiamu kwa kila gramu 100. Kiazi kimoja cha wastani kilichookwa na ganda lake kinaweza kufika miligramu 900, mara mbili ya ndizi. Ndizi imebeba jina baya, lakini anayepandisha namba nyumbani mara nyingi ni kiazi.

Ielewe sababu kwanza, maana ukishaielewa hutakosea tena. Potasiamu imefungiwa ndani ya chembe za kiazi, na kila chembe ina utando mwembamba unaoizuia isitoke. Maji baridi hayavunji utando huo. Moto unauvunja. Kwa hiyo kinachotoa potasiamu ni mambo matatu yakikutana: joto la kuchemka, vipande vidogo ili njia ya kutokea iwe fupi, na maji mengi yanayomwagwa. Kimoja kikikosekana, umejichosha bure.

1. Menya viazi. Ganda huzuia potasiamu isitoke.

2. Kata vipande vya sentimita 1 kila upande. Chukua ncha ya kidole chako kidogo kama kipimo. Kipande kisizidi hapo. Ukikwaruza kwenye kikwaruzo ni bora zaidi: viazi vilivyokatwa vipande na kuchemshwa hupoteza karibu nusu ya potasiamu, vilivyokwaruzwa hupoteza hadi robo tatu. Ila vilivyokwaruzwa utavila kama rojo, kwa hiyo amua mapema unapika nini.

3. Weka maji mengi. Kwa gramu 200 za viazi, weka lita 2. Utaona ni mengi kupita kiasi, na ndivyo inavyotakiwa. Maji kidogo hushiba potasiamu haraka na kuacha kuivuta.

4. Chemsha, kisha mwaga. Maji yakitokota kwa dakika 5 hivi, mimina yote kwenye chujio. Usiyahifadhi kwa supu wala mchuzi, kwa kuwa sasa potasiamu iko humo.

5. Weka maji mapya na uchemshe mpaka viive. Maji haya pia yamwagwe.

6. Sasa pika unavyotaka. Viponde, vikaange kidogo au viingize kwenye mchuzi. Kilichokuwa cha kutoka kimeshatoka.

Utajuaje umefaulu. Maji ya kwanza yatakuwa na ukungu na povu, ya pili yatakuwa mepesi zaidi. Vipande vitakuwa laini, kingo zake zimeanza kulegea, na ladha imepooza kidogo. Kiazi kikibaki na ladha yake yote tamu ya udongo, huenda vipande vilikuwa vikubwa au maji yalikuwa haba. Kupooza huko kutibu kwa viungo, wala usimimine chumvi, maana presha nayo iko kwenye foleni.

Kinachoharibu. Kuoka, kukaanga moja kwa moja, kupika kwa mvuke na kupika ndani ya mchuzi kuanzia vikiwa vibichi, vyote vinabakiza potasiamu. Kuloweka hakudhuru, ila usikuhesabu kama hatua. Na tusidanganyane: kuchemsha mara mbili kunaondoa pia vitamini C na vitamini za kundi B. Asiye na potasiamu ya juu hana sababu ya kupika hivi.

## Hatua ya 4: Maharage, maji yake ndiyo adui

Gramu 100 za maharage makavu zina takriban miligramu 1,400. Namba hiyo inatisha, lakini hakuna anayekula maharage makavu. Yakiiva hunywa maji na kuvimba, na gramu 100 za maharage yaliyoiva na kuchujwa hubaki na karibu miligramu 400. Sehemu ya tofauti hiyo ni maji yaliyoongezeka, na sehemu ni potasiamu iliyotoka na kubaki kwenye maji ya kupikia. Anayekunywa maji hayo anairudisha.

1. Loweka usiku kucha kwenye maji mara 4 ya ujazo wa maharage. Mwaga, suuza.
2. Weka maji mapya mengi, chemsha kwa moto mkali kwa dakika 10 kamili. Mwaga maji hayo pia.
3. Weka maji mapya tena, pika mpaka yaive kabisa.
4. Chuja. Kisha yaunge ukiwa umeyatenga na maji yake.

Zile dakika 10 za moto mkali usizifupishe. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara, na moto mdogo hauiondoi.

Maharage ya kopo tayari yamekaa ndani ya maji. Mwaga hayo maji, suuza maharage kwenye chujio, na utakuwa umeondoa sehemu ya potasiamu pamoja na chumvi nyingi.

Kuna hofu nyingine niiguse kidogo: fosforasi, madini mengine ambayo figo zilizochoka hushindwa kuyatoa. Wagonjwa wengi huambiwa waache maharage kwa sababu yake. Lakini fosforasi ya kwenye kunde imefungwa kwa namna ambayo utumbo wa binadamu hauifyonzi yote, tofauti na ile inayoongezwa kwenye vyakula vya viwandani. Sipendi kumwona mgonjwa akitupa maharage, kisha akala soseji kwa kuogopa fosforasi.

Utajuaje umefaulu. Maharage yako kwenye sahani yakiwa yameloa tu, bila dimbwi. Kipimo cha kuanzia ni gramu 90 zilizoiva, yaani karibu nusu kikombe.

## Hatua ya 5: Ndizi, hapa hakuna ujanja wa jikoni

Ndizi mbivu ya wastani ina takriban miligramu 420. Huichemshi, huichuji, unachoweza kubadilisha ni kiasi na siku. Kama daktari amekuruhusu, kula nusu, na iwe siku ambayo viazi na maharage havipo. Ndizi iliyokaushwa iepuke kabisa: maji yametoka, potasiamu imebaki, na mkono hauhisi uzito.

Ndizi za kupika zitendee kama viazi: menya, kata ndogo, chemsha kwenye maji mengi, mwaga.

## Hatua ya 6: Jumlisha sahani nzima

Nichukue mfano wa mama mmoja wa miaka 58. eGFR yake 22, potasiamu 5.9. Daktari alimpima moyo, akapitia dawa zake, akamwekea ukomo wa miligramu 2,000 za potasiamu kwa siku. Ukomo huo ulikuwa wake. Wako utapangiwa wewe.

Nilimwomba binti yake anieleze chakula cha mchana cha jana yake, bila kuficha. Viazi gramu 250, vizima, vimelowekwa usiku, kisha vikapikwa ndani ya mchuzi. Maharage yaliyotokana na gramu 70 kavu, yameliwa na maji yake. Ndizi moja baada ya chakula.

Tukaandika kwenye karatasi. Viazi, kwa kuwa hakuna maji yaliyomwagwa baada ya moto, miligramu 1,050. Maharage, tukiondoa kidogo kilichotoka kwenye kuloweka, karibu 900. Ndizi 420. Jumla 2,370, na ni mlo mmoja. Ukomo wa siku nzima umeshapitwa kabla ya jua kushuka.

Binti akaishika karatasi akaniuliza, "Kwa hiyo ale nini, dada? Nimwondolee vyote?"

Hapana. Tulipanga upya hivi. Viazi gramu 200, vilivyokatwa vidogo na kuchemshwa mara mbili: 840 ikashuka hadi karibu 420. Maharage gramu 90 yaliyochujwa: karibu 360. Ndizi ikasubiri. Jumla ni kama 780, na mama bado amekula viazi na maharage kwenye sahani ileile.

Hesabu hizi ni za kukadiria. Kiazi kimoja hutofautiana na kingine, na mwili haufyonzi potasiamu yote ya mimea. Hata hivyo pengo kati ya 2,370 na 780 ni kubwa kiasi kwamba makosa madogo ya mizani hayalifuti.

Angalia pia kwamba siku ile tulipunguza na kiasi. Kuchemsha peke yake kusingetosha kama angekula gramu 400 za viazi. Wengi wakishajua njia ya kuchemsha mara mbili hujiona wamepewa ruhusa, wakaongeza sahani. Nusu ya kiasi kikubwa bado ni kingi.

## Hatua ya 7: Rudia kipimo

Pika hivi bila kukatisha, kisha upime tena damu kwa tarehe aliyokupa daktari. Kwa wiki hizo andika kwenye daftari kila siku viazi, maharage na ndizi ulizokula na jinsi vilivyopikwa. Daftari hilo lina faida kuliko kumbukumbu, hasa namba ikigoma kushuka.

Yule mama alirudi baada ya wiki 2 akiwa na 5.1. Tulimrudishia nusu ndizi, mara 2 kwa wiki, siku zisizo na viazi.

Namba ikiwa imeshuka chini ya 3.5, umebana kupita kiasi au dawa ya kutoa maji inaiondoa potasiamu. Hilo nalo husumbua moyo, kwa hiyo mwambie daktari ili ulegeze. Na ikiwa haijashuka ilhali daftari linaonyesha umepika sawasawa, usipunguze chakula zaidi. Rudi hatua ya 2, ukianza na pakiti ya chumvi na dawa za maumivu, kisha umuulize daktari kuhusu asidi kwenye damu na dawa zinazofunga potasiamu tumboni.